Rangi ya Uso wa Mama wa Marani

Tik. Tik-tik. Tik. Halafu zzzz, kama nyuki amefungiwa kwenye chupa. Hivyo ndivyo taa zetu za tyubu zilivyokuwa zikiamka kila asubuhi, moja baada ya nyingine, tatu kwa jumla, ile ya mwisho ikisitasita kama mtoto anayeamshwa aende kuchota maji. Mpaka leo nikisikia tyubu inahangaika kuwaka mahali popote, benki au kwa kinyozi, natazama nyuso za watu waliosimama chini yake. Siwezi kujizuia.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye studio ndogo ya picha Kisii mjini, chumba kimoja kisicho na dirisha, upande wa barabara inayoteremka kwenda Daraja Mbili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo nyumbani hazikuimbiwa, lakini mikono yangu ilikuwa myepesi kwenye kompyuta, na mwenye studio alinichukua. Yeye ni mtu wa kutoka Ukambani, ameishi Kisii miaka mingi na bado anasalimia kwa Ekegusii kibovu makusudi ili tucheke. Nilimwita bosi, yeye aliniita injinia. Na mimi, nitasema ukweli, nilikuwa naliamini hilo jina. Nilishaichora kichwani studio yangu mwenyewe: milango ya kioo, kiti cha kuzunguka, na jina langu juu kwa herufi zinazowaka.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutoa kijani usoni mwa watu.

Kama hujawahi kulitazama jambo hili, chukua picha yoyote iliyopigwa kwa simu ndani ya duka au ofisi yenye taa za tyubu. Ukiwa pale ndani, macho yako yanazoea, unaona watu wako sawa. Simu haizoei vizuri hivyo. Ile taa hubeba kijani kingi ndani yake, nyingine hubeba ubaridi wa buluu, na simu inachukua vyote inavyovikuta. Ndiyo maana mtu mwenye ngozi nzuri ya kahawia anatoka kama aliyelala mtoni. Walikuwa wanatuletea picha za namna hiyo kila siku: walimu waliopigwa kwenye ofisi ya shule, mawakala wa simu vibandani mwao, mabibi harusi waliopigwa saluni. Kwenye programu yetu kulikuwa na mistari miwili yenye kitufe cha kusukuma. Mmoja unatoka buluu kwenda manjano, mwingine unatoka kijani kwenda kwenye ile rangi ya waridi iliyokolea, karibu na zambarau. Kijani kikizidi, unasukuma upande wa waridi. Baridi ikizidi, unasukuma upande wa manjano. Na kulikuwa na njia ya mkato: alama ndogo yenye umbo la kile kibomba cha kutia dawa machoni. Unaibonyeza juu ya kitu kwenye picha ambacho unajua ni cheupe au kijivu kweli, na kompyuta inasema, haya, kama hiki ni cheupe, basi rangi zingine zote zikae hivi. Picha nzima inabadilika mara moja. Watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walikuwa wanasema "Ah!" Nami nilikuwa naishi kwa hiyo "Ah!"

Bosi alikuwa ameniambia mara nyingi: "Injinia, kibomba ni kitu kijinga. Kinaamini unachokiambia."

Siku aliyokuja yule dada wa Marani, bosi hakuwapo. Alikuwa ameenda Nyamira kupiga picha za harusi ya maandalizi marefu, angerudi kesho yake. Nilikuwa peke yangu, nimekaa kwenye kiti chake.

Dada mwenyewe alikuwa na miaka thelathini hivi, amevaa sweta ya kijivu na leso kichwani, viatu vina udongo mwekundu. Hakukaa. Alinitumia picha kwa simu, akiwa amesimama mbele yangu, na chini ya picha alikuwa ameandika, *ya baba*. Mgeni angeshangaa kwa nini huyo baba amevaa blauzi. Mimi sikuhitaji kuuliza. Kwetu, kwa Ekegusii, mama ndiye anayeitwa baba.

Mama huyo alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake, mikono miwili juu ya mbao, anacheka na mtu ambaye haonekani. Nyuma yake kulikuwa na pakiti za unga, sabuni za mche, na sufuria mpya zimetundikwa kwenye misumari. Taa ya tyubu ilikuwa juu ya kichwa chake. Nusu ya uso wake, upande wa mlango, ilipata mwanga wa mchana kidogo. Nusu nyingine ilikuwa ya kijani kabisa.

"Tunamzika Ijumaa," dada alisema. "Alhamisi tunamtoa mochari. Hii ndiyo itabebwa mbele."

"Pole sana, dada."

"Asante. Hakupenda picha. Zingine zote ni za hospitali, na hizo sitaki mtu azione. Hii tu ndiyo yuko mzima." Aligusa skrini ya simu yangu kwa ncha ya kidole. "Lakini ona vile amekuwa. Kama kitu cha kwenye friji."

"Hiyo ni taa," nikasema. "Usijali. Kesho saa tisa utamkuta anang'aa."

"Si kung'aa. Awe tu vile alikuwa."

Nilimwambia hiyo ndiyo kazi yangu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza, akainama kuangalia picha kwenye kompyuta. "Na hiyo blauzi yake ya Sabato! Alikuwa anaifua Ijumaa, anaitia bluu ya kufulia, anaitia bluu, mpaka tunamwambia, baba, hii sasa ni yunifomu ya shule. Anasema nyeupe bila bluu ni uchafu."

Tulicheka wote wawili. Nataka ieleweke kwamba nilisikia. Nilisikia kila neno, nikacheka, na nyumbani kwetu Sironga nimekulia kwenye karai lenye bluu, najua vidole vinavyobaki na rangi yake. Akaondoka, na kabla hajafika chini kwenye kona nilikuwa nimeshachukua kibomba na kukibonyeza kwenye ukosi wa blauzi.

Kwa sababu macho yangu yaliona blauzi nyeupe. Ndiyo hivyo.

Kibomba kiliniamini. Niliiambia kompyuta kwamba kitambaa chenye bluu ni cheupe, nayo, ili kukifanya cheupe, ikamwaga manjano juu ya picha nzima. Kijani kikaondoka, ni kweli. Uso ukawa na joto. Nikaona bado, mama wa watu anazikwa, apate joto zaidi, nikausukuma ule mstari mwenyewe kidogo tena kwenda manjano. Skrini yetu ilikuwa ya zamani, yenye ubaridi wa buluu, kwa hiyo ilinificha nilichokuwa nafanya. Nikachapa kwenye karatasi nzuri ya kung'aa, nikainua picha chini ya tyubu zetu tatu, nazo za baridi, nikaona mama anapendeza. Nikaitia kwenye fremu. Nilifurahi kiasi cha kumpigia simu rafiki yangu kumweleza.

Jumatano saa tisa dada alikuja. Nilimpa fremu kwa mikono miwili. Chini ya tyubu aliitazama, akapumua, akasema, "Eh. Umejaribu." Kisha akatoka nayo hadi mlangoni, penye mwanga, kama mtu anayetaka kuona kitambaa sokoni kabla ya kukinunua.

Nilimfuata nikisubiri "Ah!" yangu.

Kutoka nyuma ya bega lake niliiona picha kwa mara ya kwanza katika mwanga wa kweli. Mama alikuwa wa manjano. Shavu la upande wa mlango, ambalo halikuwa na kijani chochote tangu mwanzo, lilikuwa manjano ya ndizi iliyoiva. Weupe wa macho yake ulikuwa manjano. Meno pia. Blauzi tu ndiyo ilikuwa nyeupe, nyeupe ambayo haikuwahi kuwa nayo.

"Umemrudisha hospitali," dada alisema.

Sikuelewa. Alikuwa anaongea polepole, bila kunigeukia.

"Ilikuwa ini. Wiki ya mwisho alikuwa hivi. Macho hivi hivi. Watoto walikuwa wanaogopa kuingia chumbani kwake." Alifuta kioo kwa leso, kana kwamba manjano yalikuwa juu ya kioo. "Ulijuaje?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu: dada, nimekosea, nipe saa moja. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukiongea kwa sauti ya mtaalamu.

"Hiyo ni simu, dada. Simu ikishapiga picha mbaya, sisi huku hatuna la kufanya. Hapo ndipo tulipofika."

Alinigeukia. Nilitarajia hasira, na ningeipokea. Lakini uso wake ulikuwa na aibu, aibu ya mtu aliyemsumbua mwingine.

"Ni simu yangu," alisema. "Nilinunua ya kupigia tu. Ningejua..." Akaikunjua leso kichwani. "Pole nimekusumbua. Asante kwa kujaribu."

Akaizungushia fremu leso yake, uso ndani, akaiweka kwapani na kuteremka barabara kichwa wazi. Nilirudi ndani nikakaa. Mteja mwingine aliniuliza kama tunapiga pasipoti, nikamwambia ndiyo, nikampiga, sikumbuki kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Bosi alirudi kabla ya saa kumi na moja, amechoka, kamera mbili shingoni, kipande cha keki ya harusi ndani ya tishu kwa ajili yangu. Picha ya mama ilikuwa bado imefunguliwa kwenye skrini.

"Huyu ni nani amekula manjano?" aliuliza. Halafu akaona nilivyokaa. "Injinia. Kuna nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza yote, na ule uongo wa simu nikausema nikiangalia kibodi. Hakufoka. Aliweka kamera mezani, akavuta kiti cha wateja.

"Ulibonyeza wapi?"

Nikamwonyesha ukosi.

"Na hiyo ni nyeupe?"

"Ilitiwa bluu. Aliniambia mwenyewe."

"Alikuambia?" Akanitazama. "Mtu amekupa dawa mkononi, wewe ukaitupa ukaanza kutafuta dawa."

"Sikufikiri, bosi."

"Ulifikiri. Ulifikiria kupigiwa makofi." Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniliza, "Futa macho. Huwezi kuona rangi na maji machoni. Rudi kwenye ile ya kwanza kabisa, kabla hujaigusa."

Nikarudi kwenye ya kwanza. Yule mama wa kijani akatokea tena, anacheka.

"Sasa niambie. Kwenye duka hilo kitu gani hakina rangi?"

Nilitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kusema pakiti za unga, nikajizuia, maana karatasi zile nyingine ni za krimu. Nilitaka kusema tyubu yenyewe, lakini pale palikuwa pameungua kwa mwanga, hapana habari yoyote ya rangi, ni weupe mtupu. Mwishowe nikaona.

"Sufuria."

"Sehemu gani ya sufuria?"

"Ubavuni. Pasipomeremeta."

"Haya, mhandisi."

Nilibonyeza ubavuni mwa sufuria, pale kwenye kijivu kilichotulia, chini ya taa ileile iliyomwangaza mama. Kijani kikashuka. Blauzi ikabaki na bluu yake, bluu hafifu ya Ijumaa jioni, na nilipoiona nikafunika mdomo. Lakini lile shavu la upande wa mlango sasa lilikuwa limegeuka waridi kama limepigwa kofi.

"Kwa nini?" bosi aliuliza.

"Kwa sababu upande huo haukuwa na kijani. Mwanga wake ni wa nje. Nimeutoa ugonjwa ambao haukuwa nao."

"Basi usimtibu mzima."

Nikachukua brashi ya kwenye programu, nikapaka upande wa mlango peke yake, na hapo nikapunguza marekebisho mpaka waridi lilipoondoka. Kwenye pua, pale mwanga mmoja unapokutana na mwingine, nilienda polepole, ili kusiwe na mpaka kama wa shamba. Weupe wa macho niliuachia uwe vile ulivyotoka. Sikumng'arisha. Mkono wangu ulitaka kumng'arisha mara mbili, nikauweka mapajani.

Tulichapa kipande kidogo kwanza. Bosi hakuniruhusu nikitazame mle ndani. Tulitoka mpaka kwenye kivuli cha ukuta, nje ya jua lenyewe lakini ndani ya mwanga wa mchana, kikaonekana kikavu na cha kawaida, mama mwenye duka. Tulichapa nyingine mbili tukipunguza manjano kidogo kidogo, kwa sababu ya skrini yetu mwongo, hadi ya tatu tukakubaliana.

"Nimpigie simu?" niliuliza.

"Panda Marani wewe mwenyewe. Asubuhi, kabla hawajaenda mochari." Akasimama kuwasha maji ya chai. "Na umwambie kuhusu simu. Usipomwambia hilo, hujapeleka kitu."

Sikuila ile keki.

Alhamisi nilifika Marani kwa pikipiki kabla ya saa mbili, umande bado uko kwenye majani ya chai. Kulipata boma lenyewe hakukuwa kazi, hema lilikuwa limeshafungwa na wanaume walikuwa wanapanga viti. Nilimkuta dada nyuma ya jikoni, anachambua mboga kwenye sinia pamoja na mama mmoja mzee, dada ya marehemu. Fremu ilikuwa juu ya meza ya sebuleni. Niliiona mlango ulipofunguka. Walikuwa wameigeuza iangalie ukuta.

Dada aliponiona aliinuka haraka, akajifuta mikono. "Kuna kitu hatukumaliza?"

"Dada, simu yako haina kosa." Nilikuwa nimeirudia sentensi hiyo njia nzima, na bado ilitoka imekunjana. "Picha ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyemfanya manjano. Uliniambia blauzi ina bluu, na mimi nikaishika kama nyeupe. Halafu nikakudanganya."

Alinitazama. Mama mzee aliacha mboga.

"Mimi sikulala," dada alisema. "Nilikuwa namwambia mume wangu, yaani hata picha moja nimeshindwa kumpigia baba vizuri. Picha moja."

"Najua."

"Hujui. Ungesema jana, nisingelia njia yote hadi hapa. Watu walidhani nalilia marehemu."

Nilitoa picha kwenye bahasha nikampa. Hakuichukua mara moja. Alipoichukua, alisogea nayo chini ya migomba, penye kivuli, akaiweka kando ya mkono wake mwenyewe, ngozi na ngozi, akatazama kutoka kimoja hadi kingine. Alifanya hivyo bila mtu kumfundisha.

Mama mzee alimfuata, akainama. Kisha akapiga kelele ndogo, akasema kwa Ekegusii maneno ambayo yalikuwa karibu na utani, kwamba ona huyu, bado anacheka na wateja huku mboga zinatungoja sisi. Akakisemesha kile kipande cha karatasi, akakilaumu kwa kuondoka bila kuaga, na dada akaanza kucheka, halafu kicheko kikavunjika, wakashikana.

Nilisimama pembeni nikiangalia viatu vyangu. Baadaye nililetewa chai na mkate. Kwetu huwezi kuondoka bila kunywa, hata kama hustahili, kwa hiyo nilikunywa hadi kikombe kikaisha.

Dada alibadilisha picha mwenyewe kwenye fremu. Sikumsaidia, hakutaka. Alipomaliza alinisindikiza hadi kwenye ua, ameshika ile ya manjano.

"Enda nayo hii," alisema. "Sitaki ibaki hapa. Lakini usiichome, na usiitupe. Ni yeye bado."

"Sawa, dada."

"Na huko kazini kwako," aliongeza, "mtu akikuambia kitu, sikiliza."

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Aligeuka akarudi kwenye mboga zake.

Njia ya kurudi barabarani ilikuwa inapita kati ya mashamba, na watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya mazishi, wanawake wenye vikapu vya ndizi, wanaume wenye makoti, wote waliomjua mama huyo. Bahasha niliiacha kule. Picha ilikuwa mkononi mwangu wazi, uso wa manjano ukiielekea njia waliyokuwa wanapandia. Niliona kikundi cha kwanza kinakaribia kwenye kona. Nikatoka njiani, nikasimama nyuma ya miti ya chai, nikaigeuza picha, uso ukanilalia kifuani. Nikavuta sweta juu yake, nikafunga kifungo kimoja kimoja hadi shingoni. Nilingoja wapite, kisha nikaanza kuteremka, mkono mmoja juu ya sweta, nikitembea taratibu ili asikunjike.